Mtu aliyegusa ukingo wa picha: ubavu bapa unatoka wapi?

"Nikimkata mtu na kumweka kwenye bekigraundi mpya, mkono wa kushoto unaonekana kama umepigwa msumeno. Nifanyeje?"

Kifaa cha kukatia hakina kosa. Kiwiko kiliishia kwenye ukingo wa picha ya asili, kwa hiyo hakuna pikseli zaidi ya hapo. Ukimweka mtu katikati, mstari ule ulionyooka unabaki ukielea hewani.

Mrudishe ukingoni. Kwenye turubai ya 1080 × 1080, msogeze hadi ubavu uliokatika uvuke ukingo wa kushoto kwa pikseli 5 hivi. Usiishie kwenye 0 kamili: ukipunguza ukubwa wa leya, safu ya mwisho ya pikseli huwa nusu uwazi, na utaona uzi mwembamba wa bekigraundi. Kuza hadi 400% ukague hapo.

Kama kiuno nacho kimekatwa chini, mbane kwenye kona ya chini kushoto. Ukimtaka katikati kwa lazima, mkuze hadi kiwiko kitoke nje, au funika ubavu ule kwa kibao cha maandishi. Kuulainisha husaidia kidogo sana; mkono huonekana unayeyuka. Mstari wa kuzunguka mtu uongeze mwishoni, ukishamsogeza. Mstari huo ukiwa na unene wa pikseli 8, mvushe mtu kidogo zaidi.