Riwaya imekaa rafu ya historia: nirekebishe wapi?

Swali: Riwaya yangu ya Kiingereza kuhusu vita vya Abushiri ipo Amazon. Kwenye maneno ya kutafutia nimejaza Bagamoyo (ndilo neno la kwanza kwenye jina la kitabu), book, Africa, history, love na bestseller. Kategoria ni History. Wanunuzi wachache, na mmoja kalalamika alitaka historia, akakuta hadithi. Nirekebishe wapi? – Msomaji, Bagamoyo

Jibu: Ndugu yangu, anza na kategoria, maana ndiyo iliyokuletea lalamiko lile. History ni ya vitabu vya matukio halisi. Hata kama kila tarehe yako ya 1888 na 1889 ni sahihi, wahusika ukiwabuni kitabu ni riwaya. Ingia kwenye akaunti yako ya KDP, huduma ya Amazon ya kuchapishia vitabu, fungua maelezo ya kitabu, futa History, kisha shuka kuanzia Literature & Fiction hadi Historical Fiction, na hapo chagua tawi dogo linalokufaa kweli. Unaruhusiwa kategoria tatu, lakini mbili za haki ni bora kuliko ya tatu ya kulazimisha.

Sasa maneno. Bagamoyo iondoe hapo, kwa kuwa jina la kitabu tayari linatafutika. Neno book halimtofautishi mtu na mwenzake, na bestseller ni sifa ambayo KDP hawaitaki kwenye nafasi hizo. Love nayo humleta msomaji wa mapenzi, ambaye kwenye kurasa za vita atakuacha.

Una nafasi saba, kila moja herufi hadi 50, hivyo ina nafasi ya fungu zima la maneno. Mgeni wa mbali huenda hajawahi kumsikia Abushiri. Anachojua ni zama, mahali na aina ya hadithi. Kwa kitabu chako ningeanza hivi:

```
german east africa colonial war novel
swahili coast ivory caravan trade
19th century african resistance fiction
abushiri revolt
```

Hilo la mwisho watakaoliandika ni wachache, ila ndio wako hasa.

Kabla ya kuyaweka, yajaribu. Fungua dirisha la faragha la kivinjari ili historia yako isiingilie, chagua Kindle Store, andika fungu polepole na utazame Amazon inapendekeza nini. Kisha soma ukurasa wa kwanza wa matokeo. Ukiona riwaya za zama hizo, fungu ni lako. Ukiona vitabu vya safari za mbugani au vya kiada, achana nalo hata kama linatafutwa sana.

Mabadiliko yanaweza kuchukua hadi saa 72 kuonekana. Baada ya hapo shuka kwenye Product details za kitabu chako, usome kategoria zilizoandikwa kando ya nafasi yake ya mauzo. History ikiwa bado ipo, waandikie huduma ya wateja ya KDP waiondoe.