Usikubali cheo cha kocha kabla ya kufungua kaye yako

«Wakubwa, niko Goma, nanyanyua chuma mwaka wa 3 sasa. Skwati nafika kilo 80 mara moja. Kocha anasema mimi si wa kuanza tena, amenipa programu ya wiki 12 ya watu wa kiwango cha juu, skwati ni Jumatatu tu. Niifuate?»

Usiifuate. Mdogo wangu, karatasi hiyo naijua, niliilipia dola 60 na ikanila miezi 9. Irudishe leo, kabla hujazoea kujiita mtu wa kiwango cha juu, maana jina lile ni tamu na kulivua ni kazi.

Mimi nilikuwa na miaka 5 ya jimu. Mikono ilikuwa imejaa, vijana wa mtaani wananiita bingwa, na skwati yangu ya juu kabisa, ile ya kuinua mara moja tu, ilikuwa kilo 82.5. Kocha mmoja mwenye filimbi shingoni akanitazama juu mpaka chini, akaniambia: «We hauko tena mtu wa kuanza.» Hakuuliza kaye, lile daftari ninamoandika uzito wa kila mazoezi. Hakuuliza wiki iliyopita nilibeba ngapi, wala mwezi uliopita. Alihesabu miaka yangu, akapima mabega kwa macho, basi, cheo kikatoka.

Programu yake ilikuwa ya asilimia. Jumatatu miguu, Jumanne kifua, Jumatano mgongo, hivyo hivyo mpaka Jumamosi. Skwati ya wiki ya kwanza ni asilimia 70 ya uzito wangu wa juu, yaani kilo 57.5 hivi, kisha kupanda polepole hadi wiki ya 12 nijaribu kilele kipya. Nikafika kilele: 85. Kocha akapiga makofi. Tukarudia duru, 87.5. Tukarudia tena, 90. Duru 3, miezi 9, kilo 7.5. Nilifurahi, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa kwamba watu wa kiwango cha juu ndivyo wanavyopanda, kidogo kidogo.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo hadi leo. Ule upole nilidhani ni alama ya cheo, kumbe programu yenyewe ndiyo iliyonifunga kamba. Mtu anayefanya skwati ya kilo 200 kwa kweli hupanda kidogo kidogo, lakini hapendi, analazimika. Kazi inayotosha kuushtua mwili wake ni nzito mno, siku 2 hazitoshi kupona. Inabidi apange mzigo wa wiki 3 au 4, achoke, apumzike, ndipo uzito mpya utoke. Mimi wa 82.5, kazi ya Jumatatu nilikuwa nimeshapona Jumatano. Mwili uko tayari kuongezewa, nami nikaketi kungoja Jumatatu nyingine. Katika wiki 12 nilifanya skwati mara 12, wakati ningeweza kuifanya mara 36.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja fundi wa malori, mtu wa kuongea kidogo. Alichukua kaye yangu, akafunua kurasa kwa kidole chenye grisi, akaniuliza: «Mara ya mwisho kuongeza kilo mbili na nusu kila mazoezi, mfululizo, mpaka chuma kikakukatalia, ilikuwa lini?» Nikafikiri. Haikuwahi kutokea. Miaka 5 yote nilikuwa nabeba uzito ule ule mpaka nijisikie vizuri, ndipo naongeza. Akanirudishia kaye: «Basi bado ni mtu wa kuanza. Hilo si tusi, ni bahati.»

Kipimo chake ndicho nakuachia, na sijui kingine kinachofaa kukichagulia mtu programu. Ukiweza kuongeza uzito kila mazoezi, yaani ndani ya siku 2 au 3, wewe ni wa kuanza, hata kama una miaka 10 jimu na kifua kama mlango. Ukiwa umejaribu hivyo kwa haki ikashindikana, lakini kila wiki uzito mpya unatoka, wewe ni wa kati. Ikiwa hata wiki haitoshi, inataka mwezi au zaidi, hapo ndipo kiwango cha juu kinaanza. Miaka haimo, kilo haimo, sura haimo. Kinachopimwa ni muda ambao mwili wako unahitaji kutoka uzito mmoja kwenda mwingine.

Basi nikaanza upya. Skwati Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, seti 3 za marudio 5. Nilianza na kilo 60, nikaona aibu kwa wepesi wake, mzee akanikataza kugusa zaidi. Kila mazoezi kilo 2.5. Wiki ya 5, Jumatatu, chuma kilikuwa na 90. Ile 90 ambayo miezi 9 ilinipeleka kuiinua mara moja tu huku nikiona nyota, siku hiyo niliifanya marudio 5, nikapumzika, 5 tena, nikapumzika, 5 tena. Nilikaa juu ya mfuko wa saruji, sikusema kitu.

Mwisho wa wiki ya 6 nikakwama kwenye 102.5. Seti ya kwanza 5, ya pili 4, ya tatu 3. Sasa sikiliza, maana hapa wengi wanakimbilia kusema «nimekuwa wa kati». Kushindwa siku moja si ushahidi. Mzee aliniuliza nimelala saa ngapi, nikasema 5, tulikuwa na msiba. Nimekula nini, nikasema chai na mkate tangu asubuhi. Nikarekebisha, nikajaribu mara 2 zaidi, nikakosa rudio moja tu. Nikashusha asilimia 10 hivi, mpaka 92.5, nikapanda tena kwa hatua zile zile. Safari hii 102.5 ikapita, 105 ikapita, 107.5 ikanikatalia mara 3. Nikashusha tena, nikapanda, nikakwama palepale, 107.5, nikiwa nimelala na nimekula vizuri. Hapo ndipo mzee aliposema sasa ngazi ya kwanza imekwisha. Ilikuwa wiki ya 12. Muda ule ule ambao karatasi ya dola 60 ilinipa kilo 2.5.

Atakayeandika hapa chini kwamba 105 si kitu, aje Jumatatu alfajiri aibebe kwa vyuma vyetu vya hapa, chai nitalipa mimi.

Na kwa kuwa nimetaja vyuma vyetu, lazima niseme jambo ambalo lingeharibu kipimo chote. Jimu nyingi za hapa diski zake ni bamba lililokatwa kwa fundi au zege lililomwagwa kwenye beseni, juu wamepaka rangi 10, 15, 20. Nilizibeba mbili zilizoandikwa 10 kwa mama muuza maharage, tukazipanga kwenye mizani yake. Moja ilikuwa 8 na nusu, nyingine 11 na kitu. Yaani ukibadilisha diski bila kujua, unadhani umeongeza kilo 2.5 kumbe umeongeza 5 na zaidi, chuma kinakukatalia, nawe unajitangaza wa kati. Pima kila diski, andika uzito wake wa kweli kwa chaki ya mafuta, pande mbili ziwe sawa. Diski ndogo ya kilo 1.25 usipoipata, fanya kama mimi: vifuko 2 vya mchanga mweusi wa volkano, kila kimoja kilo 1.25 ya mizani, unavifunga kila upande kwa ukanda wa mpira wa tairi vikaze visiyumbe.

Jambo lingine dogo: cheo hiki si cha mtu mzima, ni cha kila zoezi. Kusukuma chuma juu ya kichwa kulinikatalia wiki ya 4, wakati skwati bado inapanda kama moshi. Misuli ya mabega ni midogo, kilo 2.5 kwake ni mzigo. Nilipunguza hatua ikawa kilo 1, ikaendelea wiki kadhaa. Kama ningesikiliza bega, ningebadilisha programu nzima na kuitupa ile skwati.

Baada ya hapo nilipokuwa wa kati kweli, wiki yangu ilibadilika hivi: Jumatatu kazi nyingi, seti 5 za 5 kwa uzito chini kidogo ya wa Ijumaa; Jumatano skwati nyepesi ya kulainisha miguu; Ijumaa seti moja tu ya 5, uzito mpya. Ijumaa ya kwanza nilitoa 107.5 iliyonitesa, ya pili 110. Jumatatu inachosha, Jumatano haizidishi, Ijumaa inavuna. Ukimpa mtu wa kuanza wiki hii atapanda kilo 2.5 badala ya 7.5, naye hatajua alichopoteza. Ukimpa mtu wa kati ile ya kila mazoezi, atagonga ukuta ule ule mpaka magoti yaanze kulalamika. Ndiyo sababu nakusumbua na kipimo kabla ya programu.

Kwako wewe wa 80: Jumatatu weka 55 za mizani, seti 3 za 5, ukae chini kila rudio mpaka nyonga ipite goti. Teremsha vile vyuma vya kuzuia pembeni viwe chini kidogo ya unapofika, ili siku ukishindwa chuma kikae juu yao, si juu yako. Jumatano 57.5. Ijumaa 60. Kocha akikuuliza kwa nini umerudi kwa watoto, mwonyeshe kaye, na umwombe akuonyeshe ukurasa ambao chuma kilikukatalia mara 3 kwa uzito mmoja. Asipoupata, endelea kuongeza. Ukifika Ijumaa ya wiki ya 4 bila kukosa rudio, utakuwa na 82.5 begani kwa seti 3 za 5. Siku hiyo piga picha ukurasa, uuweke hapa niuone.