Aya ya upungufu: sema kosa linavuta jibu lako upande gani

Swali: "Habari wakuu. Nipo Arusha, namalizia tasnifu ya uzamili ya afya ya jamii. Aya ya upungufu kwenye sura ya mjadala imerudi mara ya pili. Mwanzo msimamizi aliandika pembeni 'unauua utafiti wako mwenyewe'. Nikaikata ikabaki mistari miwili, sasa anasema naficha. Mnaiandikaje?"

Pole mkuu. Mimi yalinikuta hapa Moshi, na aliyenifungua macho ni mtahini wa nje. Aliweka kidole kwenye sentensi moja akauliza, "Kosa hili linavuta jibu lako upande gani, juu au chini?" Nikabaki namtazama. Nilikuwa nimeorodhesha makosa saba kama mtu anayeungama kwa padri, na hakuna hata moja nililokuwa nimelifuata hadi mwisho.

Utafiti wangu ulikuwa wa wagonjwa wa shinikizo la damu katika kliniki moja: wangapi wanameza dawa kama walivyoandikiwa. (Namba nimezizungusha kidogo, nisijulikane.) Tuliwaomba wagonjwa 320, wakakubali 272. Kati ya hao, 163 walisema wanameza ipasavyo, yaani asilimia 60. Aya yangu ya kwanza ilikuwa hivi:

"Utafiti huu una upungufu. Sampuli ilikuwa ndogo, ulifanyika katika kliniki moja, ulitegemea maelezo ya wagonjwa wenyewe, na kulikuwa na ufinyu wa muda na fedha. Hivyo matokeo yatafsiriwe kwa uangalifu."

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo sumu. Humwambii msomaji aangalie wapi, kwa hiyo anashuku kila kitu.

Muda na fedha nilivifuta. Kila tasnifu ya nchi hii ina sentensi hiyo, lakini hayo ni mahangaiko ya mtafiti, si kosa la data. Hata mvua za masika usiziandike kwa sababu tu ulilowa. Ziandike kama ziliwazuia watu wa vijiji vya juu mlimani kufika kliniki, maana hapo zimebadilisha nani yumo kwenye sampuli na nani hayumo.

"Sampuli ndogo" nayo niliandika kwa mazoea tu. Kwa watu 272, asilimia 60 yangu ilikuwa na uhakika wa asilimia 95 kati ya 54 na 66. Hakuna uamuzi wa kliniki unaobadilika ukiwa 54 au 66, kwa hiyo kwa swali kuu sampuli ilitosha. Ilipokuwa ndogo kweli ni kwa wagonjwa wa chini ya miaka 35, ambao walikuwa 19 tu. Basi niliandika hilo peke yake: kuhusu vijana hatusemi kitu.

Sasa kosa kubwa, maelezo ya wagonjwa wenyewe. Waliouliza maswali walikuwa wauguzi, wamevaa sare. Mama mmoja wa Kibosho aliniambia, "Nakunywa zote, mwanangu," huku mfukoni ana vidonge vya mwezi uliopita ambavyo havijaguswa. Hakuwa mwongo, alikuwa na adabu tu. Ila ona upande: aibu ya namna hii inawapeleka watu kusema "ndiyo". Ni nadra mtu anayemeza dawa zake vizuri akasema hamezi. Kwa hiyo asilimia 60 imevutwa juu, na wasiomeza huenda ni zaidi ya asilimia 40.

Upande nikaupata, nikabaki na ukubwa. Bahati nzuri wagonjwa 40 walikuja na vidonge vyao, tukavihesabu. Kati yao 24 walikuwa wamesema wanameza ipasavyo, lakini kwa hesabu ya vidonge waliofikisha asilimia 80 ya dozi walikuwa 18. Yaani robo ya "ndiyo" haikusimama. Ukiipunguza robo hiyo kwenye asilimia 60 unapata kama 45. Si kipimo safi, maana anayebeba vidonge vyake hadi kliniki huenda ni mwangalifu kuliko wenzake, lakini kinampa msomaji kitu cha kushika.

Waliokataa, wale 48, nao wana hesabu rahisi ambayo watu hawaifanyi. Chukulia wote hawamezi: 163 kwa 320 ni asilimia 51. Chukulia wote wanameza: 211 kwa 320 ni asilimia 66. Hata hali ikiwa nzuri kabisa, theluthi moja bado hawamezi. Hoja yangu haiangushwi na watu 48.

Hapo ndipo aya inapoacha kuua utafiti. Sijaficha kosa, ila nimeonyesha kwamba makosa makubwa mawili, aibu na kuwakosa walioacha kliniki kabisa, yote yanaifanya hali ionekane nzuri kuliko ilivyo. Mwongozo wa STROBE wa 2007, ambao majarida mengi ya afya yanautumia, unasema hivyo hivyo katika kipengele cha 19: ujadili upande na ukubwa wa upendeleo. Mimi nilikuwa nimeweka tiki kwenye kipengele hicho bila kukisoma.

Lakini usijidanganye kwamba kila kosa litakubeba. Nilikuwa na matokeo mengine: wanaosafiri zaidi ya saa moja walikuwa na hali mbaya zaidi ya umezaji. Hapa makosa yanavutana. Anayetoka mbali na bado anafika kliniki ni mtu wa kujituma, kwa hiyo tofauti huenda imepunguzwa. Upande wa pili, sikuuliza kipato, na kama wa mbali ndio maskini zaidi, tofauti inaweza kuwa ya umaskini wala si ya barabara, na hapo imekuzwa. Sikuwa na njia ya kujua ni upande upi unashinda, na niliandika hivyo hivyo.

Aya iliyokubaliwa mwishoni ni hii:

"Umezaji ulipimwa kwa maelezo ya wagonjwa walipohojiwa na wauguzi, jambo linaloelekea kukuza asilimia ya wanaomeza. Kwa wagonjwa 40 waliohesabiwa vidonge, robo ya waliosema wanameza hawakufikia asilimia 80 ya dozi. Walioacha kliniki hawakufikiwa, nao pia huenda wangeishusha asilimia hiyo. Kwa hiyo asilimia 40 ya wasiomeza huenda iko chini ya hali halisi. Uhusiano wa umbali na umezaji haukuzingatia kipato, hivyo hautoshi kuonyesha kwamba umbali ndio chanzo. Matokeo yanahusu wagonjwa wa kliniki ya mjini wanaoendelea na matibabu."

Iweke baada ya kufasiri matokeo, kabla ya hitimisho. Ukiifanya ya mwisho kabisa, msomaji anafunga kitabu akiwa na kasoro zako kichwani.

Kisha rudi kwenye hitimisho na ikisiri ukiwa na kalamu nyekundu, kwa sababu mtahini anasoma kurasa hizo mbili akizilinganisha na aya hii. Mimi nilikuwa nimekiri kuhusu kipato, halafu kwenye mapendekezo nikaandika "kusogeza kliniki karibu kutaongeza umezaji wa dawa". Nikabadilisha ikawa "kusogeza huduma karibu kujaribiwe, na kipato kipimwe". Ukitaka, bandika aya yako hapa bila jina la hospitali, nitaipitia kesho jioni nikitoka zamu.