Mkataba wa Tabia kwa Mwanafunzi Anayeonea Wenzake: Kwa Mwalimu Mpya wa Malezi

Mkataba wa kwanza niliouandika nilipokabidhiwa kazi ya malezi ulikuwa na sentensi moja tu: "Ninaahidi kuwa na tabia njema na kuwaheshimu wenzangu." Mwanafunzi aliutia saini mbele ya mwalimu wa nidhamu, na wiki ileile akamnyang'anya tena mtoto wa darasa la tatu dumu lake la maji. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa sikumtajia ni kitendo gani akiache, wapi na wakati gani, wala sikuwa nimeuliza kinachompeleka huko.

Shule hiyo ipo wilayani Newala, juu ya uwanda wa Makonde, ambako maji ni ya shida, na wakati wa kiangazi kila mwanafunzi alitakiwa kuja na dumu la lita 5. Kijana huyo wa darasa la sita aliwavizia wadogo njiani asubuhi, akachukua madumu yao na kuwatisha kwamba atakayesema atakiona wakati wa kurudi nyumbani. Kabla ya kuandika mkataba wa pili nilitumia wiki nzima kuwasikiliza watoto walioonewa, mmoja mmoja, bila yeye kuwepo, nikahesabu matukio 7, yote yakiwa ya njiani na hakuna hata moja la darasani. Tafadhali usimkalishe aliyeonewa uso kwa uso na aliyemwonea ili "wapatane", na usimtake atie saini yoyote, kwani mkataba haumhusu. Yeye anastahili kulindwa, wala hana ahadi ya kutoa.

Nilipozungumza na kijana mwenyewe nilifahamu kwamba ulikuwa msimu wa korosho, wazazi wake walikuwa wamehamia shambani, na yeye alibaki na bibi yake. Alfajiri alimtekea bibi maji, akachelewa, na akifika shuleni mikono mitupu aliadhibiwa. Hilo halikufuta kosa lake, lakini lilinionyesha msaada upi uingie katika mkataba. Mwalimu mkuu alikubali aruhusiwe kuleta dumu lake mchana, nami nikawa nakutana naye Jumatatu na Alhamisi kwa dakika 15, tukifanya mazoezi ya kile atakachosema na kufanya anapowakuta wadogo njiani akiwa na hasira.

Mkataba wenyewe uliandikwa kwa maneno yake, ukurasa mmoja: "Sitachukua dumu wala kitu cha mwanafunzi mwingine. Sitamtisha mtu njiani. Nitapita njia ya zahanati, wadogo watapita njia ya msikiti." Ulikuwa wa wiki 4. Bibi, ambaye hakujua kusoma, alisomewa kila mstari kisha akaweka dole gumba, akasema, "Mwalimu, hapo kwenye maji mmenisaidia na mimi."

Matokeo ya kuvunja mkataba tuliyapanga pamoja kabla ya kosa lolote. Akichukua dumu, analirudisha likiwa limejaa siku hiyohiyo na kukosa mpira wa mapumziko. Likitokea la pili ndani ya wiki moja, bibi anaitwa kesho yake. Likitokea la tatu, shauri linakwenda kwa kamati ya shule. Kumpiga au kumjeruhi mtu tuliliweka nje ya ngazi hizo, likapelekwa moja kwa moja kwa mwalimu mkuu. Viboko sikuviweka, kwa sababu mtoto anayetawala wenzake kwa kutisha hujifunza kutokana na fimbo kwamba mwenye nguvu ndiye anayesikilizwa. Usiandike tokeo usiloweza kulitekeleza siku hiyohiyo, maana ukilipuuza mara moja atajua kuwa karatasi yote ni maneno.

Katika ufuatiliaji ndipo nilipokaribia kudanganyika. Alikuwa na kadi yenye visanduku 3 kwa siku, cha asubuhi, cha mapumziko na cha kuondoka, ambavyo mwalimu wa zamu alipaswa kuvitia saini. Ijumaa ya wiki ya pili nilikuta visanduku vyote 15 vina saini ya wino mmoja, mwandiko mmoja, mstari umenyooka. Mwalimu alikuwa amezijaza zote kwa mkupuo. Siku hiyohiyo niliwauliza wadogo faraghani, nikaambiwa madumu hayachukuliwi tena, lakini sasa kijana alikuwa akimtuma rafiki yake kuwatisha. Kadi haikuwa na pa kuonyesha jambo hilo. Tulimwita, akatekelezewa tokeo la kosa la kwanza, tukaongeza mstari mmoja unaosema "wala sitamtuma mtu", na kuanzia hapo kadi ilitiwa saini nikiwa nimesimama hapo.

Wiki ya tatu lilitokea tukio moja, ya nne hakuna. Hata hivyo hatukuusitisha mkataba ghafla: kadi ilibaki kwa Jumatatu na Ijumaa kwa wiki 2 zaidi, na watoto wa darasa la tatu niliendelea kuwauliza kila Ijumaa, mmoja mmoja, hadi wazazi wa kijana waliporudi kutoka shambani.