Ufunguo dirishani: barua kwa binamu anayeanza kuchambua mashairi

Ugonile binamu, shangazi kaniambia umeanza kidato cha tano HKL na mashairi yashakutoa jasho, sa nimeona nikuandikie kuhusu lile shairi mwalimu wetu alilotunga mwenyewe akatuandikia ubaoni, la kijana anayetoka kijijini kwenda mjini. Mimi lilinipa saba kwenye ishirini kwa hiyo nalijua vizuri, hehe. Ubeti wa kwanza huu:

Mama naaga nyumbani, basi laja kunibeba,
Nakwenda zangu mjini, huku malipo ni haba,
Viazi vimo shambani, dalali ndiye kashiba,
Ufunguo dirishani, mlango sijauziba.

Na wa mwisho, akiwa ameshafika:

Mama nimo chumba duni, kodi yazidi kukaba,
Nimeviona sokoni, viazi vyetu vya baba,
Bei yake sitamani, nanunua kwa kibaba,
Ufunguo dirishani, mlango sijauziba.

Kosa langu nilisoma mara moja tu nikakimbilia dhamira, nikaandika "mjini kubaya, kijijini kuzuri". Mwalimu akazungushia duara jekundu akauliza, kijijini kuzuri wapi? Kweli bwana, rudi mshororo wa tatu. Viazi vipo, aliyeshiba ni dalali. We umekulia Isyonje umeona lumbesa kwa macho yako, gunia linajazwa linaongezewa kichwa mpaka linafungwa kwa kamba kama mzigo wa kuni, na mkulima analipwa bei ya gunia moja. Kijana haondoki kwa sababu ya tamaa ya taa za mjini, anaondoka kwa sababu jasho lake linaliwa na mwingine. Afu angalia ubeti wa mwisho, viazi vilevile anavikuta sokoni, fikiria Mwanjelwa au Soweto, ila sasa yeye ndo mnunuzi na bei inamshinda. Alipouza alipunjwa na anaponunua anaumizwa. Hiyo ndo dhamira, na unaithibitisha kwa kuweka mishororo miwili ya viazi pamoja, sio kwa maneno yako matupu.

Sasa kibwagizo, hapa ndo wengi tuliteleza. Maneno ni yaleyale kwa hiyo mtu anaandika "kibwagizo kinasisitiza ujumbe" anapita. Jiulize nafsineni, yaani yule anayesema ndani ya shairi, yuko wapi anapoyasema. Ubeti wa kwanza yuko nyumbani, ufunguo wa dirishani ni kama tunavyoachiana kwetu, maana yake nitarudi. Ubeti wa mwisho yumo chumba cha kupanga, kwa hiyo huo ni mlango mwingine kabisa, anamwambia mama ukija utaingia. Au bado anauwazia ule wa nyumbani? Mimi naona vyote viwili vinakubalika ilimradi utoe ushahidi, ila rafiki yangu tunayekaa naye dawati moja anabisha mpaka leo.

Upande wa fani ukiulizwa mizani hesabu kwa vidole usione aibu. Kila mshororo una 16, nane ukwapi yaani nusu ya kwanza, na nane utao yaani nusu ya pili. Mtego uko kwenye herufi m: "mlango" ni m-la-ngo, mizani tatu, na "mjini" ni m-ji-ni, tatu pia, maana hiyo m inasimama yenyewe, lakini Mbeya ni Mbe-ya, mbili tu. Ukikosea hapo utapata 15 useme mshairi kakosea kumbe ni wewe.

Na ukishajua hesabu ndo utaelewa kwa nini kaandika "laja". Jaribu "basi linakuja kunibeba", zinakuwa kumi, zimezidi mbili, kwa hiyo kafupisha, hiyo ni inkisari. Usiishie kutaja jina tu, onyesha hiyo hesabu kwenye karatasi, mwalimu anapenda.

Kuna kitu kimoja nilimwambia mwalimu akacheka. Viazi nani anapima kwa kibaba? Sokoni ni sado au ndoo, kibaba ni cha unga na mchele. Akakiri kina cha -ba kilimbana. Ila akaongeza kwamba kibaba kinabeba umaskini wa mtu anayenunua kidogo kidogo, nikamwambia hapo unajitetea. Ukikutana na neno kama hilo kwenye mtihani liseme, andika kwamba limefuata kina halafu useme limeongeza nini au limeharibu nini.

Beti mbili za katikati nitazinakili wikiendi nikutumie kwa kosta. We kwanza hesabu mshororo wa "Nakwenda zangu mjini" peke yako unijibu umepata ngapi. Na mwambie shangazi akishuka huku aninunulie sado moja hukohuko njia panda, huku bei yake sitamani.