Goti linalokaza ukiinuka

Katika kazi yangu ya fiziotherapia, watu wa miaka 60 na kuendelea huniletea sana lalamiko hili: "Nikikaa, goti linakaza. Nikitembea kidogo, linaachia." Wengi wameshaambiwa mafuta ya goti yamekwisha, kwa hiyo wanaogopa kutembea wasije wakalisaga. Hofu hiyo inawaumiza.

Ncha za mifupa gotini zimefunikwa na gegedu, tabaka laini lenye unene wa milimita chache. Kiungo chote kimezungukwa na kifuko, na utando wa ndani wa kifuko hicho ndio unaotengeneza ute. Goti zima lenye afya lina ute usiojaza kijiko cha chai. Uchache wake ni kawaida. Goti lililovimba kwa maji ndilo la kutilia shaka.

Ute huo huteleza kama ute wa yai bichi, kwa sababu una molekuli ndefu za asidi ya haluroniki. Ukitulia, ute huwa mzito. Goti likianza kujikunja na kujinyoosha, molekuli hujipanga kufuata mwendo, na ute unakuwa mwepesi. Gegedu nayo haina mishipa ya damu. Unapokanyaga, maji yaliyo ndani yake hubeba sehemu kubwa ya uzito na mengine hukamuliwa nje. Unapoinua mguu, hurudi pamoja na chakula cha seli zake. Bila mwendo, gegedu hailishwi vizuri.

Umri ukisogea, molekuli za haluroniki hupungua na kuwa fupi, hivyo ute hupoteza uzito wake. Nyuzi za gegedu hukakamaa na kuchanika kwa urahisi zaidi. Misuli ya mbele ya paja hudhoofu, na mshtuko wa kila hatua huliangukia goti.

Chukua mfano wa fundi cherehani mmoja niliyemhudumia. Alikuwa akishona asubuhi nzima bila kuinuka, na hatua za mwanzo zilimtoa machozi. Nilimwomba, kabla ya kusimama, aninginize miguu na kuikunja na kuinyoosha kwa dakika mbili, kisha ainuke. Kila nusu saa atembee hadi mlangoni na kurudi. Jioni ainuke kitini mara kumi bila kushika kitu, ili paja lipate nguvu. Baada ya wiki kadhaa zile hatua za kwanza zilikuwa nyepesi, ingawa ngazi bado zilimsumbua: kupanda ngazi hukandamiza kilegesambwa kuliko kutembea tambarare, na mazoezi hayarudishi gegedu iliyokwisha kulika.

Angalia muda pia. Mkazo wa asubuhi wa kulika kwa gegedu kwa kawaida huachia ndani ya nusu saa. Ukizidi saa nzima, hasa vidole vya mikono vikiwa vimevimba, muone daktari akupime baridi yabisi. Goti likivimba ghafla, likawa la moto na ukapata homa, usilichue wala kulifanyisha mazoezi. Nenda hospitali siku hiyohiyo.