Uhakiki wa kweli na kilemba cha ukoka: modeli inapoutazama mchoro wako

Msomaji mmoja ameniandikia akiwa na uchungu ambao naufahamu vizuri. Alichora nembo ya biashara yake, akaionyesha modeli ya akili mnemba, akaambiwa kwamba ni kazi yenye mvuto, uwiano na ubunifu wa hali ya juu. Alipoipeleka kwa mtengeneza mihuri, ilirudishwa kwa sababu haikuweza kuchongwa. Sasa anauliza iwapo modeli ilimdanganya. Mimi nasema haikuihakiki kazi yake hata kidogo, kwa kuwa maneno kama mvuto na uwiano yanaweza kubandikwa chini ya nembo yoyote duniani bila kubadilishwa herufi. Uhakiki hutaja mahali maalumu kwenye mchoro, hueleza kinachotokea hapo na sababu yake, kisha humwachia mchoraji njia ya kuthibitisha kwa macho yake mwenyewe.

Modeli hizi huelekea kusifu kwa sababu inayojulikana. Katika mafunzo yake, sehemu ya kazi hufanywa na watu wanaolinganisha majibu na kuchagua lililo bora, nasi wanadamu mara nyingi huchagua jibu linalotupendeza. Mwezi Aprili 2025 kampuni ya OpenAI iliondoa toleo jipya la modeli ya GPT-4o siku chache baada ya kulitoa, ikikiri kwamba lilikuwa limezidi kujipendekeza kwa watumiaji. Matoleo ya modeli hubadilika, lakini mwelekeo huo haujaisha, na huwa mkubwa zaidi pale mtu anapotanguliza kusema kwamba kazi ni yake na kwamba ameihangaikia sana.

Nilianza kuchora nikiwa mtu mzima, na kwa miaka mingi jamaa zangu walinivika kilemba cha ukoka kwa nia njema kabisa. Hadi leo inaniuma kwamba hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia kuwa vivuli katika michoro yangu vililala upande uleule mwanga ulikotoka. Ndiyo maana nilipoombwa kuchora nembo ya kikundi cha wasomaji wa vitabu, niliamua kuitumia modeli kwa namna ambayo isingeipa nafasi ya kunibembeleza.

Mchoro wangu wa awali ulikuwa kitabu kilichofunguliwa, ambacho kurasa zake zinageuka kuwa mabawa ya ndege, vyote vikiwa ndani ya duara. Nilifungua mazungumzo mapya, nikapakia picha bila kusema imechorwa na nani wala inakusudia kuonyesha nini, kisha nikaomba maelezo tu ya kile kinachoonekana, bila hukumu yoyote. Modeli ilieleza kwamba inaona kipepeo. Jibu hilo lilinisaidia kuliko sifa zote nilizowahi kupewa, kwa maana mtazamaji asiyeambiwa chochote alikuwa ameliona umbo jingine kabisa. Nilipoutazama mchoro upya, sababu ilikuwa wazi: kurasa mbili chini na mabawa mawili juu, yakiwa yamelingana pande zote za mstari wa katikati, hutengeneza mabawa manne ya kipepeo. Kama ningetangulia kusema kwamba ni ndege, ninaamini modeli ingekubaliana nami na kumsifu ndege huyo.

Baada ya hapo ndipo nilipotaja matumizi. Nembo ingewekwa kwenye muhuri wa wino wa rangi moja, na pia kwenye ikoni ndogo ya kichupo cha kivinjari, ambayo kwa kawaida huwa na upana wa pikseli 16. Niliomba nitajiwe jambo moja ambalo lingeifanya nembo ishindwe katika matumizi hayo, mahali lilipo na jinsi ya kulipima. Nilielekezwa kwenye manyoya ya mabawa, ambayo nilikuwa nimeyachora kwa mistari myembamba. Hoja hiyo inapimika kwa hesabu rahisi. Mchoro wangu ulikuwa na upana wa pikseli 512, na kila mstari ulikuwa na unene wa pikseli 8. Ukipunguza 512 hadi 16, kila kitu hugawanywa kwa 32, kwa hiyo mstari wa pikseli 8 hubaki robo ya pikseli. Kioo cha simu au kompyuta hakiwezi kuonyesha robo ya pikseli, hivyo mstari huchanganyika na mandhari yake na kuwa doa la kijivu. Niliipunguza picha mwenyewe na kuliona doa hilo, nami sikuhitaji tena kumwamini yeyote. Ili mstari ubakie pikseli moja kamili unahitaji unene wa 32, na nafasi kati ya mstari na mstari nayo inahitaji kiasi hichohicho, kwa sababu nafasi nyembamba huzibika kwenye ikoni kama inavyozibwa na wino kwenye muhuri. Nilibakiza manyoya matatu katika kila bawa, nikamgeuza ndege atazame upande mmoja ili mdomo wake uonekane, na kikundi kiliipokea nembo hiyo kwa furaha. Ninajivunia kazi ile.

Hata hivyo, si kila hoja niliyopewa ilikuwa sahihi. Niliambiwa pia kwamba bawa la kushoto liko chini kuliko la kulia. Nilipima kwa rula, nikaigeuza picha kama inavyoonekana kwenye kioo, nikakuta mabawa yote mawili yamelingana. Modeli nyingi huigawa picha katika vipande vidogo, na mara nyingi picha kubwa hupunguzwa kwanza, kwa hiyo hukosea katika vipimo vya karibu, hesabu ya vitu na mielekeo ya mistari. Hoja ya namna hiyo usiifanyie kazi kabla hujaipima.

Msomaji wangu anafikiri dawa ni kuiamuru modeli iwe kali, isimwonee huruma. Ninamsihi asifanye hivyo. Ukiomba kasoro kumi utaletewa kumi, hata kama mchoro una mbili, na nyingine zitapingana zenyewe kwa zenyewe. Ukali wa kuagizwa unakufuata wewe kama sifa zinavyokufuata. Upo mtihani mzuri wa kulibaini hilo: fungua mazungumzo mawili tofauti, katika moja useme unadhani mchoro umefaulu, katika jingine useme unadhani umeharibika. Hoja itakayojitokeza kote kuwili, kuhusu mahali palepale, ndiyo inayostahili kupimwa kwanza. Zile zilizogeuka pamoja na maoni yako, ziache.

Kwa michoro ya rangi tahadhari huwa kubwa zaidi, kwa kuwa modeli haioni turubai bali picha iliyopigwa na simu. Simu hurekebisha rangi kulingana na taa iliyopo, hivyo maoni kwamba kijivu chako kimeegemea njano huenda yanaihusu taa ya chumba chako. Piga picha mchana, kivulini, huku simu ikiwa sambamba na mchoro, kisha igeuze iwe ya rangi nyeusi na nyeupe na uulizie mwanga na vivuli peke yake: mwanga unatoka upande gani, na ni kivuli gani kisicholingana na mwanga huo. Hilo unaweza kulithibitisha ukiwa umesimama mbele ya turubai. Kuhusu unene wa rangi na alama za brashi, mtafute mchoraji aje aitazame kazi yenyewe.